Wasifu wa Wakala wa Pesa Unaomfikisha Mteja Dirishani

Mgeni aliyefikia kwa ndugu zake Kimara, jijini Dar es Salaam, ametumiwa laki mbili na anataka kuzitoa kabla giza halijaingia. Anafungua saraka ya biashara kwenye simu na kutafuta wakala wa karibu. Anakutana na maelezo haya:

"Karibuni kwa huduma bora, za haraka na za uhakika. Sisi ni waaminifu na tunajali wateja. Tupo Kimara, jirani na barabara kuu. Nyote mnakaribishwa."

Inawezekana kila neno hapo ni kweli, lakini mgeni bado hajui aende wapi. Barabara ya Morogoro inaipita Kimara kituo baada ya kituo, na kila kituo kina mawakala kadhaa. Huo uaminifu nao hana namna ya kuupima, kwa sababu hata tapeli anaweza kuandika kwamba ni mwaminifu.

Wasifu wa wakala una kazi mbili. Ya kwanza ni kumfikisha mteja mlangoni. Ya pili ni kumpa mambo anayoweza kuyahakiki kwa macho yake kabla hajabonyeza namba ya siri. Sentensi isiyofanya mojawapo ya kazi hizo iondolewe, nafasi yake ichukuliwe na inayofanya. Tuone jinsi ya kuzipata sentensi hizo, kisha tuandike wasifu mzima wa duka moja la mfano.

Jina moja kila mahali

Duka la wakala mara nyingi lina majina matatu. Lipo la kwenye bango, lipo la kwenye leseni ya biashara, na lipo linalotokea kwenye simu ya mteja muamala ukikamilika. Mteja akitoa pesa, ujumbe wa uthibitisho humtajia jina la wakala aliyemhudumia. Akilipa bidhaa kwa Lipa Namba, jina hutokea pia. Yakiwa matatu tofauti, mteja aliyezoea kusikia habari za utapeli anasita, na ana haki ya kusita.

Sababu ya tofauti hiyo kwa kawaida si ujanja. Wapo waliokodi fremu na laini ya uwakala kwa mtu mwingine, na laini ikabaki na jina la yule wa kwanza. Wapo waliobadilisha bango baada ya kupaka duka rangi mpya wakasahau leseni. Wapo pia walioanza kwa jina lao binafsi, baadaye wakasajili jina la biashara BRELA. Dawa ya kudumu ni kwenda kwa wakala mkuu au kwenye duka la mtandao ukiwa na leseni, TIN na kitambulisho, uombe taarifa za laini zilingane na za biashara. Mpaka hilo likamilike, wasifu useme wazi: "Jina litakalotokea kwenye simu yako ni hili." Sentensi hiyo fupi inamwondolea mteja wasiwasi kuliko mistari kumi ya kujisifu, kwa sababu umemwambia mapema kitu ambacho angekiona mwenyewe na kukitilia shaka.

Majina ya mitandao nayo yanahitaji uangalifu. Tigo Pesa ilibadilishwa jina mwishoni mwa 2024 na sasa inaitwa Mixx by Yas. Wasifu unaoendelea kutaja jina la zamani peke yake unamwonyesha msomaji kwamba haujaguswa muda mrefu, naye atajiuliza kama duka lenyewe bado lipo. Andika mitandao unayohudumia leo: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, Halopesa, au ile uliyonayo tu. Kama una mitandao miwili, taja miwili. Mtu aliyepanda bajaji kufuata mtandao usiokuwa nao hatarudi tena.

Kuelekeza mtu asiyejua mtaa

Mwenyeji humwelekeza mwenyeji mwenzake kwa maneno machache: "pale kwa mpemba", "nyuma ya ile gereji". Saraka inasomwa na mtu asiyemjua mpemba wala gereji. Kwa hiyo maelezo ya mahali yaanzie kitu ambacho hata dereva wa bodaboda wa kata nyingine anakijua, kisha yashuke hatua kwa hatua.

Katika Dar es Salaam kitu hicho ni kituo cha daladala au cha mwendokasi. Majina ya vituo yameandikwa, makondakta huyaita kwa sauti, na hayabadiliki ovyo. Baada ya kituo taja upande wa barabara. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa kulia kwa anayetoka mjini ni kushoto kwa anayetoka Mbezi. Sema mteja anatokea wapi: "Ukitokea mjini, vuka upande wa kulia." Kisha taja barabara ya kuingilia, umbali kwa miguu, na mwisho alama ambayo mteja ataiona akiwa mbele ya mlango wako.

Alama ichaguliwe kwa kuangalia itadumu kiasi gani. Mwaka 2017 majengo mengi ya kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Baa, maduka na mabango yaliyokuwa yakielekeza watu kwa miaka mingi yaliondoka, na maelekezo yote yaliyoyategemea yakafa siku hiyo hiyo. Shule, msikiti, kanisa, zahanati na ofisi ya serikali ya mtaa hudumu kuliko baa, na baa hudumu kuliko genge la mbogamboga. Kama alama pekee iliyo karibu nawe ni ya muda, weka mbili, ili moja ikiondoka nyingine ibaki.

Baada ya maelekezo ya miguu, andika anwani ya makazi. Operesheni iliyofanyika nchini mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilizipa barabara na mitaa mingi nguzo za majina, na nyumba zikapewa namba. Anwani kamili ina namba ya nyumba, jina la barabara, kata na postikodi ya tarakimu tano. Wafanyabiashara wengi wana kibao cha namba juu ya mlango na hawajawahi kukitumia. Kitazame, unakili namba ilivyo. Kama fremu yako ni mojawapo ya fremu nne za nyumba moja, ongeza: "fremu ya pili kutoka kushoto."

Kitu cha tatu ni pini ya ramani. Toka nje ya fremu, kwa sababu chini ya bati na kati ya kuta simu hupokea vibaya mawimbi ya setilaiti na pini huhama. Simama mlangoni, subiri kidogo mpaka kile kidoti cha buluu kitulie, kisha bonyeza na kushikilia mahali ulipo mpaka pini itokee. Ramani itakupa namba mbili, kwa mfano:

```
-6.7891, 39.1862
```

Namba ya kwanza inaonyesha uko umbali gani kutoka Ikweta, na alama ya kutoa iliyo mbele yake maana yake ni kusini. Mtu akiinakili akaisahau alama hiyo, duka la Kimara linahamia kusini mwa Ethiopia. Akizigeuza, ya pili ikatangulia, linaangukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo ina maana yake. Zikiwa nne, pini inatofautisha sehemu zilizoachana mita 11 hivi, na hapo mteja ataliona bango lako. Zikikatwa zikabaki mbili, tofauti inafika zaidi ya kilomita moja, na mteja ataishia mtaa mwingine kabisa.

Saa zinazoeleweka

Fomu nyingi za saraka huuliza saa kwa mtindo wa kimataifa, na wengi wetu tunafikiri kwa saa za Kiswahili. Mwenye duka anayefungua saa 1 asubuhi akijaza 01:00, ramani itatangaza kwamba duka liko wazi usiku wa manane. Akijaza 02:00 kwa saa 2 usiku, itasema anafunga kabla ndege hawajaamka. Saa 1 asubuhi ijazwe 07:00, na saa 2 usiku ijazwe 20:00. Ndani ya maelezo yenyewe andika kwa Kiswahili cha kawaida, ukitaja asubuhi, mchana au usiku.

Andika saa unazozishika kweli. Kama Ijumaa unafunga kwenda kuswali, au Jumapili unafungua baada ya ibada, liseme hilo. Mteja hakasiriki kukuta mlango umefungwa saa ambayo umeandika utakuwa umefungwa.

Masharti yanayojenga imani

Mfanyabiashara wengi huficha masharti wakidhani yanafukuza wateja. Kwa wakala mambo ni kinyume. Mteja anayesoma "njoo na kitambulisho, utaandikwa kwenye daftari" anatambua kwamba hata mwizi wa simu yake ataombwa kitambulisho hicho hicho. Sharti moja linamlinda yeye na kukulinda wewe.

Sharti la pili linahusu utapeli ambao mawakala wanaufahamu vizuri. Tapeli anampigia mtu wa mbali na kumdanganya kwamba analipia mzigo au ada. Anampa namba ya wakala, huku yeye mwenyewe au mwenzake akiwa amesimama dirishani kwa wakala huyo. Yule wa mbali anafanya muamala wa kutoa pesa bila kujua, fedha zinatoka upande huu, tapeli anazipokea na kuondoka. Malalamiko yakifika, jina linaloonekana kwenye ujumbe ni la wakala. Ndiyo maana wasifu mzuri husema: "Mteja afanye muamala akiwa hapa dirishani, kwa simu yake mwenyewe. Hatukabidhi pesa ya muamala uliofanywa mbali."

La tatu ni makato. Kuweka pesa kwenye akaunti yako mwenyewe ni bure kwa mteja, na makato ya kutoa yamepangwa na mtandao. Sema kwamba orodha ya makato imebandikwa ukutani na kwamba huongezi chochote juu yake. Hilo mteja analihakiki kwa kulinganisha ujumbe wa simu na orodha.

La nne ni floti. Mtaji wa wakala umegawanyika sehemu mbili, salio lililo kwenye laini na fedha taslimu iliyo drooni, na kila muamala unapunguza moja na kuongeza nyingine. Mwisho wa mwezi, watu wakipokea mishahara, taslimu huisha. Shule zinapofunguliwa na wazazi wanatuma ada, huisha floti. Kuahidi "kiasi chochote muda wowote" ni kuahidi usichoweza kutimiza. Andika: "Kwa kiasi kikubwa, piga kwanza tukuandalie."

Yasiyopaswa kuandikwa

Imani haijengwi kwa kuanika kila kitu. Kwanza, usitaje kiasi. "Tunatoa mpaka milioni tano papo hapo" ni tangazo analolisoma mteja na jambazi pia. Usieleze unafunga hesabu saa ngapi, nani anapeleka pesa benki, wala kwamba mhudumu hubaki peke yake mchana.

Pili, usichapishe namba ya wakala. Mahali pake ni ukutani, mbele ya mteja aliyekwisha fika. Ikizagaa kwenye saraka inamrahisishia kazi tapeli niliyemweleza. Lipa Namba ya dukani ni tofauti, na wengine huiweka ili watu walipie bidhaa. Ukiiweka, andika pembeni yake jina linalopaswa kutokea.

Tatu, namba ya simu ya kuwasiliana isiwe ya laini ya uwakala. Wakala aliyetangaza laini hiyo atapigiwa na watu wanaojiita wahandisi wa mtandao, wakimtaka abonyeze tarakimu fulani "ili laini isifungwe". Tumia laini ya kawaida, ibaki kwenye simu isiyo na pesa. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, utume kwenda 15040, namba ambayo TCRA imeiweka kupokea taarifa za aina hiyo.

Nne, angalia picha. Piga picha ya mbele ya duka ukiwa umesimama pale atakapotokea mteja, bango lisomeke na mlango uonekane. Picha ya ndani ni hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mtu akiikuza anaweza kusoma namba ya wakala na hata ukurasa wa daftari wenye majina, simu na namba za vitambulisho vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na daftari la wakala limejaa taarifa hizo. Vivyo hivyo, usipige picha leseni na TIN ukaziweka mtandaoni. Sema kwamba leseni imebandikwa ukutani, mteja ataiona.

Wasifu mzima wa duka la mfano

Tuchukue duka la rejareja lenye dirisha la uwakala, lililo mtaani, ndani kidogo ya kituo cha Kimara Korogwe. Mwenye duka anauza sukari, mchele, sabuni na vocha. Ana mitandao mitatu, na jina la laini ni lake binafsi kwa sababu alianza kabla hajasajili jina la biashara. Kwenye mfano, penye herufi kubwa ndipo anapojaza vya kwake:

"JINA LA DUKA ni duka la mahitaji ya nyumbani na wakala wa M-Pesa, Airtel Money na Mixx by Yas. Tupo hapa hapa tangu MWAKA WA LESENI YA KWANZA. Ukitoa pesa, jina litakalotokea kwenye simu yako ni JINA LA LAINI, ambaye ndiye mwenye duka.

Kufika: shuka kituo cha Korogwe, Barabara ya Morogoro. Ukitokea mjini, vuka upande wa kulia, ingia barabara ya vumbi iliyo pembeni ya shule. Tembea dakika nne. Baada ya msikiti, duka ni fremu ya pili kushoto, mlango wa kijani. Anwani: NAMBA YA NYUMBA, JINA LA BARABARA, Kata ya Kimara, POSTIKODI.

Tunafungua kila siku saa 1 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Ijumaa tunafunga saa 6:30 mpaka saa 8 mchana.

Njoo na kitambulisho. Muamala ufanywe hapa dirishani kwa simu yako mwenyewe, na subiri ujumbe uingie kabla hujaondoka. Orodha ya makato na leseni viko ukutani. Kwa kiasi kikubwa, piga kwanza. Simu ya duka: NAMBA YA KAWAIDA. Maelezo haya yamehakikiwa MWEZI NA MWAKA."

Yasome tena ukitafuta neno la sifa. Hakuna "bora", hakuna "mwaminifu". Hata hivyo, mgeni wetu mwenye laki mbili anajua ashuke wapi, avuke upande gani, aangalie rangi gani ya mlango na jina gani litokee. Akifika akakuta mlango ni wa kijani na jina ni lile lile, tayari ameshakuhakiki mara mbili kabla hamjasalimiana.

Zingatia pia mpangilio. Jina na huduma vimetangulia kwa sababu saraka nyingi huonyesha mistari miwili ya kwanza tu kwenye orodha. Kwa hiyo "Karibuni nyote kwa huduma bora" ikitangulia, mteja haoni hata mitandao uliyonayo.

Kujaribu kabla ya kuchapisha

Usijaribu maelekezo yako mwenyewe, kwa sababu miguu yako inaijua njia. Mpe mtu asiyeufahamu mtaa, labda binamu aliyekuja likizo, maelezo hayo peke yake. Mwombe aanzie kituoni na asiulize mtu. Pale atakaposimama na kutazama huku na huku, sentensi inayohusu hapo ina kasoro. Huenda kuna njia mbili za vumbi na umetaja moja, au msikiti hauonekani mpaka uupite. Rekebisha sentensi hiyo tu, kisha mpe mtu mwingine. Jaribu na pini pia: mpe dereva wa bodaboda pini bila maelezo, uone atasimama mlango gani.

Mwisho, wasifu una tarehe ya kuharibika. Ukibadili rangi ya mlango, ukihama fremu, ukiongeza au kupoteza mtandao, ukibadili simu, urekebishe siku hiyo hiyo na uandike mwezi mpya wa kuhakiki. Njia rahisi ni kuufungamanisha na leseni: kila unapokwenda kuihuisha, fungua na wasifu uusome mstari kwa mstari ukiwa umesimama mbele ya duka. Mstari usiolingana na unachokiona, ufute.